Namba Ngeni Imekupigia: Kipi Unaruhusiwa Kujua, Kipi Hapana

Kasulu na Kibondo, mtu akipigiwa na namba asiyoijua, mara nyingi jambo la kwanza analofanya ni kujifanya anaitumia hela. Anafungua menyu ya M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa, anaingiza namba ile, anaandika shilingi elfu moja, kisha anasubiri mtandao umwoneshe jina la mpokeaji. Jina likishajitokeza anaghairi muamala, anarudisha simu mfukoni na kusema, "Nimeshamjua."

Makala hii inahusu sentensi hiyo ya mwisho. Njia yenyewe haina kosa, kwa kuwa jina umeoneshwa na mtandao, kama unavyomwonesha mteja mwingine yeyote anayetaka kutuma fedha. Limewekwa pale ili mtu aliyekosea tarakimu moja agutuke kabla hela haijaenda kwa mtu mwingine. Jihadhari na jambo moja tu: kwenye menyu za baadhi ya mitandao jina huja kabla ya kuweka namba ya siri, kwenye nyingine huja baada yake, na hapo inabaki hatua moja ya kuthibitisha. Anayechungulia jina kwa njia hiyo ya pili akibonyeza haraka haraka hujikuta ameituma hela kweli, tena kwa mtu ambaye hata hamjui. Swali kubwa ni jina lile linakuambia nini, na ukishalipata unaruhusiwa kulifanyia nini.

Jina linalotokea ni la mtu ambaye namba yake ya NIDA na alama ya kidole chake ndivyo vilivyotumika kusajili laini. Usajili wa alama za vidole ulianza nchini tarehe 1 Mei 2019. Mwisho wake ulikuwa uwe 31 Desemba mwaka huo, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, na laini ambazo hazikuwa zimesajiliwa zikaanza kuzimwa. Wanaokumbuka miezi ile wanakumbuka foleni za kusaka namba za NIDA. Kwa mikoa ya mpakani kama Kigoma, ambako uhakiki wa uraia huchukua muda zaidi, kuna waliofikiwa na tarehe ya mwisho wakiwa hawana namba. Wengi wa namna hiyo walifanya kitu ambacho kila familia inakijua: mume alisajiliwa laini kwa kidole cha mke, mtoto kwa kidole cha bibi, kibarua kwa kidole cha bosi wake. Laini nyingi za namna hiyo zinapiga simu mpaka leo, nyingine zikiwa zimeshapita mikononi mwa watu watatu au wanne.

Ongeza na hali ya kambi. Nyarugusu, iliyo Kasulu, imekuwa na wakimbizi kutoka Kongo tangu 1996, na kuanzia 2015 Warundi walivuka kwa wingi, wengi wakipelekwa Nyarugusu yenyewe na Nduta iliyo Kibondo. Mkimbizi hana namba ya NIDA ya Mtanzania. Akikupigia kwa simu aliyoazima, jina linalotokea ni la mwenye laini, na huenda mwenye laini hajui hata kwamba umepigiwa.

Kwa hiyo jina la kwenye menyu linakujibu swali moja tu: laini hii imesajiliwa kwa kidole cha nani? Halikuambii nani alikuwa ameishika simu saa tatu usiku. Matapeli wanalijua hilo kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana ujumbe wao maarufu unalitaja jina waziwazi: ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani bin fulani. Wanalitaja mapema ili ukiliona kwenye skrini usishtuke. Jina lile ni la mtu aliyepo kweli, ila kwa kawaida siye anayekuandikia.

Tuseme kuna mama anayeuza maharage kwa jumla soko la Kasulu mjini. Usiku namba ngeni inampigia mara mbili na kukata kabla hajapokea. Asubuhi unakuja ujumbe kwa namba ileile: mama, gari limeharibika njiani na mzigo, ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja la mwanamke fulani. Na ni kweli ana dereva njiani na magunia yake. Mdogo wake wa kiume yuko pale dukani, anaingiza namba kwenye menyu, jina linakuja kama lilivyotajwa.

"Dada, ukoo huu nawajua, ni wa Heru Juu. Twende kwao leo leo."

Wakienda, watamkuta nani? Pengine watamkuta bibi mmoja aliyeweka kidole chake mwaka 2020 ili mjukuu apate laini. Mjukuu alishaiuza simu pamoja na laini, aliyeinunua naye akaiuza. Watakuwa wamefika kwenye boma la watu wakiwa na hasira, na jina wanalo mkononi, na majirani wanasikia neno "mwizi". Bibi yule hana la kujibu kwa sababu hajui kinachozungumzwa. Na mama wa maharage bado hajajua kama gari lake limeharibika au la.

Alichopaswa kufanya kingechukua dakika moja: ampigie dereva kwa namba ileile aliyokuwa nayo tangu zamani. Dereva akipokea na kusema yuko salama, jambo limeisha. Asipopatikana, ampigie utingo, au mwenye gari, au mtu wa kituo kinachofuata njiani. Swali lake halikuwa "nani mwenye namba hii?" Lilikuwa "je, ni mtu wangu aliyeniandikia?", na hilo linajibika bila kugusa taarifa za mtu mwingine hata kidogo. Mara nyingi tunapodhani tunahitaji jina la mtu, tunachohitaji hasa ni uhakika juu ya jambo lenyewe, na uhakika huo tayari umo kwenye kitabu chetu cha namba.

Akishajua kuwa ni utapeli, ujumbe ule autume kwenda namba 15040, ambayo TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, imeitenga kwa taarifa za aina hiyo, na afuate maelekezo atakayojibiwa ya kutaja namba iliyoutuma. Kisha aizuie namba kwenye simu yake. Hahitaji kumjua mtu. Wenye mamlaka ya kuifungia laini ndio wenye njia ya kulifikia jina la kweli na historia ya laini.

Na kama alikuwa ameshatuma? Hapo kasi ndiyo kila kitu. Apige 100, namba ya huduma kwa wateja ambayo mitandao yote inaitumia, awape namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe wa uthibitisho. Fedha ikiwa bado haijatolewa kwa wakala, mtandao unaweza kuizuia wakati suala linachunguzwa. Utaratibu huohuo ndio wa aliyetuma kwa kukosea. Hahitaji kumsaka aliyepokea wala kumtumia vitisho, kwa sababu kampuni ndiyo inayowasiliana naye. Asifute ujumbe wowote, wa tapeli wala wa muamala.

Sasa tuje kwenye njia inayowaingiza watu wema kwenye kosa la jinai. Menyu ikikuonesha jina tu, unataka zaidi: anaishi wapi, picha yake, alikuwa wapi alipopiga, kazungumza na nani mwingine. Unamkumbuka kijana anayesajili laini kwa mwavuli karibu na stendi, au shemeji anayefanya kazi kampuni ya simu, au wakala unayemzoea. "Kaka, nitafutie mwenye namba hii, nitakuona." Ombi hilo linasikika dogo. Kisheria ni zito kwa pande zote mbili.

Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, kifungu cha 98, inamwekea wajibu wa kutunza siri kila mfanyakazi wa kampuni ya mawasiliano na hata wakala wake. Taarifa ya mteja haitoki mpaka sheria iruhusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imekwenda mbali zaidi. Kifungu cha 60 hakimlengi anayetoa peke yake. Anayejipatia taarifa za mtu bila idhini ya taasisi inayozitunza naye ana kosa, na anayeziuza pia. Adhabu kwa mtu binafsi ni faini kuanzia shilingi laki moja hadi milioni ishirini, au kifungo kisichozidi miaka kumi, au vyote viwili. Kwa hiyo mtu aliyetapeliwa laki moja, akimlipa kijana wa kampuni elfu ishirini amtolee jina na picha, ametoka kuwa mlalamikaji na kuwa mtuhumiwa. Na ushahidi alioupata kwa njia hiyo hana pa kuupeleka, kwa maana swali la kwanza atakaloulizwa ni aliupata wapi.

Mkazo mkubwa zaidi uwekwe kwenye kumbukumbu za simu, yaani orodha ya nani kampigia nani, saa ngapi, kupitia mnara upi. Za mtu mwingine haziombwi na raia kwa namna yoyote, hata kama namba ni ya mke wako au ya mwanao mtu mzima. Katiba, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu pamoja na mawasiliano yake binafsi, na ndoa haiondoi ulinzi huo.

Wakala wa fedha anastahili kusemwa peke yake, kwa sababu katika miji yetu midogo ndiye mwenye taarifa nyingi kuliko anavyojitambua. Mezani kwake lipo daftari lenye majina, namba za simu, kiasi na mara nyingi sahihi ya kila aliyetoa na kuweka. Daftari hilo limelala wazi mchana kutwa na anayesubiri huduma hulisoma kutoka juu hadi chini. Namba ya binti imeandikwa pale kwa sababu alitoa elfu kumi ya ada. Haikuandikwa ili kijana aliyesimama nyuma yake ampigie usiku. Wakala anayelifunga daftari kila baada ya kuandika, na anayekataa kusema "aliyetoa hapa sasa hivi anaitwa nani", anatimiza wajibu wake wa kisheria. Mteja naye ana haki ya kumwambia kwa heshima, "Naomba ufunge daftari, mdogo wangu."

Kama jambo lako ni la jinai kweli, iwe fedha zimeibwa au unatishiwa maisha au mtu anakutumia matusi na picha chafu mfululizo, kuna mlango halali wa kulipata jina, na mlango huo ni polisi. Nenda kituo cha Kasulu au Kibondo, eleza, na uondoke na namba ya RB. Nenda na simu yenyewe ikiwa na ujumbe wote. Andika kwenye karatasi namba iliyopiga, tarehe na saa ya kila simu, namba ya muamala kama ipo, na maneno uliyoambiwa kama unavyoyakumbuka. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kuiamuru kampuni kutoa taarifa zinazohitajika kwa upelelezi. Kampuni ikipokea amri hiyo, itatoa kwa halali kilekile ambacho yule kijana wa mwavuli angekitoa kwa wizi.

Elewa mapema kwamba jibu la kampuni linaingia kwenye jalada la polisi, haliletwi kwako. Watu wengi hukasirika hapa: "Mimi ndiye niliyeibiwa, kwa nini nisiambiwe jina?" Sababu ni yule bibi wa Heru Juu. Mpelelezi ana kazi ya kutenganisha mwenye kidole, mwenye simu na aliyeandika ujumbe. Atauliza laini ilisajiliwa lini na wapi, imekuwa ikitumika kwenye simu gani, fedha ilitolewa kwa wakala yupi. Jina ni mwanzo tu wa kazi yake. Likikufikia wewe kabla kazi hiyo haijafanyika, unaweza kulipeleka kwa mtu asiyehusika.

Vitisho vya simu visichukuliwe kama utani eti kwa sababu humjui anayepiga. Kifungu cha 23 cha sheria hiyohiyo ya 2015 kinakataza kumtumia mtu mawasiliano kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtesa moyo, na adhabu yake ni faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Mwanamke anayesumbuliwa anaweza kuomba apelekwe dawati la jinsia na watoto. Ila kifungu hicho kinakata pande zote. Ukiishika namba ngeni na kuanza kuipigia usiku na mchana kwa matusi ili "ajitaje", wewe ndiye unayesumbua.

Vivyo hivyo kwa wale wanaochukua namba, jina la kwenye menyu na picha ya wasifu wa WhatsApp, wakaviunganisha na kuvisambaza kwenye makundi ya kijiji: huyu ni tapeli, mkimwona mkamateni. Picha ya wasifu huenda imeibwa kwa mtu mwingine. Jina ni la aliyesajili. Namba imeshabadili mikono. Ndani ya saa moja ujumbe umefika Makere, Kifura na Mabamba, na hakuna njia ya kuurudisha. Ukitaka kuwaonya majirani, tangaza maneno ya ujumbe wa utapeli na mbinu iliyotumika, hata na namba iliyopiga ukiona inafaa, lakini acha jina na sura ya mtu kando. Jirani anakingwa na kuijua mbinu, kwa kuwa kesho tapeli atakuja na namba nyingine na jina jingine.

Kuna upande mmoja wa suala hili ambao nyanda hizi za Kigoma zinauhisi kuliko sehemu nyingi za nchi. Baadhi ya watu wanaoishi hapa wamekimbia. Wapo waliokimbia vita au siasa za kwao, na wapo wanawake waliokimbia mume anayepiga, wakahamia kijiji kingine na kubadili laini. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa amepiga simu moja nyumbani kusikia sauti ya mama yake, akiamini kuwa namba mpya haimfichui. Anayemtafuta akiichukua namba hiyo na kumfikia wakala au msajili laini mwenye huruma ya kupitiliza, akasema "ni mke wangu, kapotea, watoto wanalia", kinachotolewa pale si jina tu. Jina la laini na kituo iliposajiliwa vinatosha kumpeleka mtu mpaka mlangoni.

Huwezi kujua, ukiwa kibandani kwako Kasulu, kama anayeomba ni ndugu mwenye uchungu au ni yule aliyekimbiwa. Hata polisi hawajui mpaka wachunguze. Ndiyo sababu jibu la heshima kwa kila anayeomba ni moja: nenda kituoni, eleza shida yako, watafuata utaratibu. Kwa ndugu waliotenganishwa na vita, lipo shirika la Msalaba Mwekundu, ambalo moja ya kazi zake ni kutafuta jamaa waliopotezana. Likimpata mtu, linamuuliza kwanza kama anataka kupatikana. Swali hilo ndilo linalokosekana katika kila njia ya mkato ya kutafuta mwenye namba.

Kanuni hiyohiyo ikae ndani ya nyumba. Mume aliyeona namba ngeni kwenye simu ya mkewe, au mke kwenye simu ya mumewe, akaipeleka kwa wakala "achunguze", anamhusisha mtu wa tatu ambaye huenda ni fundi cherehani, mwalimu wa mtoto au kiongozi wa kikoba. Linalopaswa kuulizwa linaulizwa nyumbani.

Wenye simu janja wanayo njia nyingine, nayo ni programu za kutambua wapigaji. Inayojulikana zaidi ni Truecaller, iliyoanzishwa Stockholm, Sweden, mwaka 2009. Wengi hudhani inayasoma majina kutoka NIDA au kampuni za simu. Haiyasomi huko. Inategemea kwa sehemu kubwa kile ambacho watumiaji wenyewe wameandika, yaani majina waliyojipa, waliyowapa wengine, na namba walizoziripoti kuwa za usumbufu. Ndiyo maana inakuletea majina ya ajabu kama "Fundi Bomba Kibondo", "Mama Pendo Mkopo" au "Usipokee". Hayo ni maoni ya mtu mmoja aliyewahi kuihifadhi namba hiyo, pengine zamani, ikiwa mikononi mwa mtu mwingine. Programu hizi zina faida kwenye namba ambayo watu mamia wameshairipoti. Kwa namba ya mtu wa kawaida wa Kasulu, jibu lake lina uzito mdogo kuliko la menyu ya fedha.

Soma vizuri kile programu inachoomba unapoiweka. Ukiiruhusu kusoma kitabu chako cha namba, umeruhusu kwa niaba ya kila aliyemo: daktari wako, shangazi yako, yule mwanamke aliyekupa namba yake mpya na kukusihi usimpe mtu. Hao hawajaulizwa. Madhara ya kitabu cha namba kupita mkononi mwa mgeni yameonekana upande wa mikopo ya mtandaoni. Nchini Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya, baada ya watu kupigiwa simu na kutumiwa ujumbe wa vitisho kwa namba zilizochukuliwa kwa wengine. Hapa kwetu, Novemba 2024, Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Ukiona namba ngeni inakupigia ikikudai deni la rafiki yako, huenda namba yako iliingia huko kwa mlango huo. Huna wajibu wa kulipa wala wa kusema rafiki yako yuko wapi.

Na kama jina lako limewekwa kwenye Truecaller usivyopenda, unaweza kuliondoa. Kama una akaunti, izime kwanza ndani ya programu. Kisha fungua ukurasa huu, uandike namba yako ikianza na +255, na kuthibitisha:

```
truecaller.com/unlisting
```

Tarakimu za mwanzo za namba nazo zimeacha kuwa ushahidi. Tangu Machi 2017 mteja anaweza kuhama mtandao na namba yake, kwa hiyo namba inayoanza na 0754 yaweza kuwa Airtel leo, na 0620 yaweza kuwa Vodacom. Kwa sisi wa mpakani, namba inayoanza na +257 ni ya Burundi na +243 ni ya Kongo. Kupigiwa na hizo hapa si jambo la kutisha, maana biashara na undugu vinavuka mpaka kila siku, na hata simu yenyewe ukiwa karibu na mpaka huweza kudaka mnara wa upande wa pili. Inayotia shaka ni namba ya nchi usiyo na uhusiano nayo, inayolia mara moja na kukata. Ukiipigia unatozwa gharama ya nje, na pengine ndicho alichokitaka. Mwenye shida ya kweli atapiga tena au ataandika ujumbe.

Kwa namba ya kawaida ya nchini, njia bora ya kumjua mpigaji imebaki ileile ya zamani: mpigie, au umwandikie, "Habari, nimeona simu yako, naongea na nani?" Usitaje jina lako kwanza. Usitaje namba ya siri wala tarakimu zozote zilizokuja kwa ujumbe. Akijibu "wewe nani?", mwambie, "Wewe ndiye uliyepiga, ndugu yangu." Akikataa kujitaja, kata. Hana deni la kukuambia yeye ni nani, na wewe huna deni la kumsikiliza. Akisema anatoka kampuni ya simu, kumbuka kuwa kampuni hukupigia kwa namba 100, si kwa namba ya mtu binafsi.

Lipo jambo la mwisho linalowahusu hasa waliowahi kuweka kidole kwa ajili ya ndugu, jirani au kijana wa mwavuli aliyesema "mama, alama haijasoma, weka tena". Huenda "jina litakuja" la ujumbe unaozunguka wiki hii ni lako. Piga *106# na uchague kuangalia laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, kwanza kwenye mtandao unaoutumia kisha kwenye mitandao yote, ambako utaandika tarakimu zako 20 za NIDA. Orodha utakayoletewa ni yako, na huulizwi sababu ya kuiomba. Ukikuta namba usiyoitambua, nenda na kitambulisho chako kwenye duka la kampuni yenye laini hiyo, waombe waifute kwenye jina lako na ubaki na uthibitisho wa ombi. Ukikuta ni ile ya mjukuu aliyekwishaiuza, ifute vilevile. Naye mjukuu, kama ameshapata namba yake ya NIDA, aende akasajili yake kwa kidole chake.